Mstari wa Ukurasa wa Sitini na Mbili

Docent Zorica Pejić, mhadhiri aliyebakiza ngazi moja kufikia uprofesa, aliingia chumba namba kumi na nne dakika tano kabla ya wakati, akachagua kiti cha pembeni, akaomba kimoyomoyo kijana atakayetahiniwa asivute karatasi ya swali namba saba.

Ilikuwa asubuhi ya Oktoba, mwaka tisini na moja, na kitivo kizima cha hisabati kilinuka makaa mabichi kwa sababu mtu wa tanuri alikuwa ameshachukuliwa jeshini na aliyeshika nafasi yake hakujua kuwasha. Mwezi ule wanaume walikuwa wakichukuliwa vitani hata kwenye foleni ya mkate. Waliosalimika ni wazee, wagonjwa, waliojificha, na wanafunzi. Mwanafunzi aliyeandikishwa aliachwa asome. Mwanafunzi aliyefutwa alipelekewa wito nyumbani ndani ya wiki mbili, na makaratasi ya jeshi, tofauti na makaratasi mengine yote ya nchi ile, hayakuchelewa hata siku moja.

Ognjen Veličkov alikuwa amefeli somo la Uchambuzi wa Kwanza mara tatu. Mara ya nne ni mbele ya tume ya watu watatu, na baada ya tume hakuna kitu. Akipita, anabaki. Akishindwa, anafutwa. Kila mtu mle chumbani alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja, maana wasomi wana adabu zao.

Tume yenyewe ilikuwa Profesa Svetozar, mwenyekiti, mzee mwenye mikono mikubwa ya kuchongea mawe na sauti ya chini ya kuogopesha. Msaidizi Miodrag aliandika kumbukumbu na kazi yake kubwa ilikuwa kukubaliana. Wa tatu ni Zorica mwenyewe, aliyefundisha somo lile na kuandika skripta yake, yaani kile kitabu cha mhadhara ambacho wanafunzi wote hukikariri toka jalada hadi jalada.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba.

Miaka minne nyuma, Zorica alitumia kiangazi kizima kupiga chapa skripta ile kutoka kwenye daftari lake la mkono. Alipofika mwisho wa ukurasa wa sitini na moja, alichomoa karatasi, akaweka nyingine, akaendelea. Mstari mmoja wa uthibitisho ukabaki hewani katikati ya kurasa mbili: "Inatosha kuchukua epsiloni isiyozidi moja juu ya a." Hakuna aliyeona. Wahakiki wawili wakaandika kwamba kitabu hakina dosari, wakasaini, na sifa hiyo ikaingia kwenye faili lake la kupandishwa cheo kuwa profesa, faili ambalo msimu huu lilikuwa mezani kwa Svetozar likisubiri kura.

Aliyeona ni Ognjen. Mwezi Mei alikuja ofisini saa ya maswali, mrefu, mabega yamejikunja kama mtu anayeomba radhi kwa urefu wake, akafungua ukurasa wa sitini na mbili.

"Samahani mwalimu. Hapa tumesema eksi ni kubwa kuliko nusu ya a. Tumejuaje?"

Zorica alitazama. Alijua papo hapo. Na mtu akishikwa pabaya na aliye chini yake, mara nyingi hukasirika kabla hajafikiri.

"Ognjen, wewe umeshafeli mara ngapi?"

"Mbili, mwalimu."

"Basi hutafuti makosa ya wengine. Jifunze kama ilivyoandikwa."

"Kama ilivyoandikwa?"

"Neno kwa neno. Ukifika ubaoni na maarifa yako mwenyewe, mimi sipo."

Kijana alishukuru, akaondoka. Zorica alijiambia atachapisha karatasi ndogo ya masahihisho. Kisha akakumbuka faili. Akasema ataichapisha baada ya kura. Hivyo ndivyo kiangazi kilivyopita.

Sasa Ognjen alisimama mbele ya meza kwa koti la kuazima. Svetozar alipanga karatasi za maswali kifudifudi, ishirini na nne, akazisukuma kwa kiganja.

"Chagua, kijana. Hazing'ati."

Ognjen akavuta moja ya katikati, akaisoma kwa sauti kama ilivyo desturi.

"Namba saba. Mwendelezo wa kipeuo cha pili na wa moja juu ya eksi. Thibitisha kwa epsiloni na delta."

Zorica akatazama dirishani. Nje kulikuwa na mti wa jozi ukipukutisha majani, na hakuna kingine cha kumsaidia.

Svetozar alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa mwalimu wake, na kitivo kizima kiliijua: mwanafunzi huandika ubaoni peke yake bila kuulizwa. Akiwa tayari husema "Nimemaliza" na kuweka chaki chini. Baada ya chaki kulala, kinachohukumiwa ni kilichoandikwa. Hakuna kuongeza, hakuna kufuta. Alisema daraja likishafunguliwa huji mbio na nguzo uliyoisahau mkononi.

"Anza na kipeuo," alisema. "Na usituandikie alama tu. Sema unachofanya, tusije tukalala."

"Mtu ananipa epsiloni," Ognjen alianza, sauti ikitafuta pa kushika. "Hiyo ni nafasi anayonivumilia. Anasema thamani za fanksheni zisiachane kufikia hapo. Mimi lazima nimjibu kwa delta: nikikaa karibu na a kwa umbali mdogo kuliko delta, sitavunja ahadi. Na lazima niweze kumjibu kila epsiloni anayoleta, iwe kubwa au ndogo."

"Kila epsiloni," alirudia Svetozar. "Hilo neno liweke mfukoni, tutalihitaji."

Ognjen akaandika. Kwanza sifuri yenyewe, kwa sababu pale huwezi kugawa kwa kipeuo cha a. Akachukua delta kuwa epsiloni mara epsiloni: eksi ikiwa chini ya hapo, kipeuo chake kiko chini ya epsiloni, basi. Kisha a iliyo kubwa kuliko sifuri. Tofauti ya vipeuo viwili akaizidisha juu na chini kwa jumla yao, juu ikabaki eksi toa a, chini ikabaki jumla ya vipeuo viwili.

"Jumla hii haiwezi kuwa ndogo kuliko kipeuo cha a peke yake," alisema, "maana kile kipeuo kingine si hasi kamwe. Kwa hiyo tofauti haizidi umbali wa eksi na a, kugawa kwa kipeuo cha a. Delta ni epsiloni mara kipeuo cha a."

"Delta ikiwa kubwa mpaka eksi ikaanguka upande wa hasi?"

"Huko fanksheni haipo, profesa. Nachukua zile eksi zilizo ndani ya kikoa tu."

Svetozar alimgeukia Miodrag, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Miodrag naye akatikisa. Zorica alihisi kitu kinafunguka kifuani, akakichukia, maana alijua kinachofuata. Kipeuo ni rafiki. Asili yake ina kipeuo cha a ndani, haiporomoki hata eksi ifanye nini. Moja juu ya eksi si hivyo. Pale eksi yenyewe iko chini, na ikisogelea sifuri, sehemu nzima inapaa hadi pasipofikika. Mtu hana budi kwanza kujizuia mbali na sifuri, ndipo ahesabu.

Ognjen alihamia upande wa pili wa ubao. Akaandika a kubwa kuliko sifuri. Akaandika tofauti: umbali wa eksi na a, kugawa kwa eksi mara a. Kisha akasimama. Chaki ilikaa hewani muda ambao Zorica aliweza kuhesabu pumzi zake mwenyewe nne.

Kijana aligeuka akamtazama. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kama mtu anayetaka kuhakikisha barabara ni ileile aliyoelekezwa.

Zorica angeweza kutikisa kichwa tu kumkataza. Hata kukohoa. Alishusha macho kwenye karatasi yake.

Ognjen akaandika, neno kwa neno, ukurasa wa sitini na mbili: "Kwa kuwa eksi ni kubwa kuliko nusu ya a, tofauti ni ndogo kuliko mara mbili ya umbali, kugawa kwa a mara a. Delta iwe nusu ya epsiloni mara a mara a." Akasema amemaliza. Akaweka chaki chini.

Svetozar alinyanyuka taratibu, akaenda ubaoni.

"Nimekuwa karimu leo. A iwe moja. Mimi nakupa epsiloni yangu, nne. Delta yako ni ngapi?"

"Nusu ya nne mara moja mara moja. Mbili."

"Mbili. Nachukua eksi iwe sehemu moja ya kumi. Umbali wake na moja?"

"Sifuri nukta tisa."

"Iko ndani ya delta yako?"

"Iko."

"Moja juu ya eksi?"

"Kumi."

"Kumi toa moja?"

"Tisa."

"Tisa ni ndogo kuliko nne?"

Miodrag aliacha kuandika.

"Umeniahidi nne, umenipa tisa," alisema Svetozar. "Na nikitaka naisogeza eksi karibu zaidi na sifuri, utanipa milioni. Umesema 'kwa kuwa eksi ni kubwa kuliko nusu ya a'. Nani amekwambia? Umeitoa wapi hiyo?"

"Delta ingekuwa ile ndogo kati ya mbili," Ognjen alisema haraka. "Kati ya nusu ya a, na nusu ya epsiloni mara a mara a. Ile nusu ya a ndiyo inayoizuia eksi isikaribie sifuri. Au ningesema tangu mwanzo epsiloni isizidi moja juu ya a, basi hii yangu yenyewe haivuki nusu ya a. Aliyetimiza nafasi ndogo ameshatimiza na kubwa."

"Vizuri sana. Na chaki yako iko wapi?"

Ilikuwa chini. Wote waliiona.

"Profesa, nilikuwa najua. Nimeandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye skripta."

"Mimi sitahini skripta, kijana. Skripta haina hatari ya kufutwa." Kisha, kwa kuwa mzee yule alikuwa mkali lakini hakuwa mwonevu, akamgeukia Zorica. "Ingawa, kama amefundishwa hivyo, hilo ni jambo jingine. Siwezi kumwangusha mtu kwa kumtii mwalimu wake. Mwenzangu, wewe ndiye mwandishi. Ndivyo ulivyoandika?"

Mlango wa kumwokoa kijana ulifunguliwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni yule yule aliyeogopwa. Zorica alichotakiwa kusema ni neno moja. Alilisikia mdomoni, tayari, limeshakomaa. Akaona pia faili lake, sahihi za wahakiki, uso wa Svetozar ukibadilika, miaka kumi na tisa ya kuitwa docent.

"Mwanafunzi," alisema, "anatakiwa ajue mwenyewe kwa nini kila mstari upo."

Sentensi ile ilikuwa ya kweli kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna uongo ndani yake mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole.

Svetozar aliuliza tena: "Ndiyo au hapana?"

"Sikumbuki kila ukurasa kwa moyo, profesa."

Ognjen alimtazama tena, na safari hii hakuwa anauliza njia. Hakusema lolote kuhusu mwezi Mei. Angesema, labda wangemsikiliza. Lakini kwao mashambani kulikuwa na adabu kwamba mwalimu haumbuliwi mbele za watu, naye alikuwa ametoka nayo huko pamoja na lile koti.

Tume ikampa alama tano. Kule tano ni kuanguka, na kuanguka hakuandikwi kwenye kitabu cha alama cha mwanafunzi. Miodrag aliandika kwenye kumbukumbu za tume tu, watatu wakasaini, na kijana akarudishiwa kitabu chake kikiwa safi kama alivyokileta.

Rufaa ilikuwa ndani ya saa arobaini na nane. Zorica alizijua saa zile moja moja. Siku ya kwanza alikwenda mpaka mlango wa Svetozar, akasikia sauti yake ndani ikisema kwenye simu, "Pejić? Huyo hana shida, kura zipo." Akageuka. Siku ya pili alijifunga kitambaa kichwani, akajilaza, akamwambia dada yake ana kipandauso. Saa zilipokwisha alipata usingizi, na hilo ndilo jambo ambalo hakujisamehe.

Kura zilipigwa mwanzoni mwa Novemba. Wenzake wakaja na mvinyo wa matunda na keki, wakamwita profesa, wakamtania kwamba sasa atawasahau. Alicheka panapostahili. Vita ilikuwa kwenye mto Danubi, kilomita mia tatu kutoka hapo, na kwenye redio walitaja miji yake kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa.

Wiki ya mwisho ya Novemba, saa sita mchana, mwanamke mmoja alibisha ofisini. Alivaa kilemba cheusi cha wanawake wa mashambani, mkononi ana mfuko, na ndani ya mfuko mna chupa ya pilipili nyekundu za kusaga na kitabu kilichofungwa gazeti.

"Wewe ndiye Profesa Pejić? Jina lako liko juu ya kitabu. Mimi ni Jagoda, mama yake Ognjen. Maktaba wananiandikia barua kila wiki kirudi. Sikujua nimpe nani."

"Karibu, mama. Kaa. Ognjen hajambo?"

"Wamemchukua tarehe tano mwezi huu. Yuko Danubi." Aliiweka chupa mezani. "Hii ni yako. Yeye alikuwa akikusifu sana. Alisema unafundisha polepole."

Zorica alikifungua kitabu ili mikono ipate kazi. Kilifunguka chenyewe ukurasa wa sitini na mbili, kama vitabu vinavyofanya pale vilipokunjwa sana. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko mdogo safi, palikuwa na uthibitisho mzima: delta ile ndogo kati ya nusu ya a na nusu ya epsiloni mara a mara a. Chini yake mfano, a ni moja, epsiloni ni nne, eksi ni sehemu ya kumi. Mfano uleule wa Svetozar, umeandikwa miezi mitano kabla. Vyote vimepigwa mstari mmoja wa kufuta, na pembeni ya mstari: "Mwalimu amesema kama ilivyoandikwa."

"Mwalimu," alisema Mama Jagoda, "mimi nilisoma miaka minne tu. Nataka unieleze kitu kimoja. Alikosea nini?"

Nje mti wa jozi ulikuwa mtupu.

"Hakukosea."

"Nini?"

"Hakukosea, mama. Nilikosea mimi. Kuna mstari niliusahau kwenye kitabu. Yeye aliuona, nikamwambia akae kimya. Siku ile waliniuliza, nikakaa kimya mimi."

Alingoja kofi, au laana. Alizihitaji, kusema kweli. Mama Jagoda alikaa ameshika magoti, akiyapitisha maneno yale kichwani, na uso wake, badala ya kukunjamana, ukaanza kuwaka tumaini, na hilo lilikuwa baya kuliko kofi.

"Basi hakufeli."

"Mama, muda wa..."

"Kama hakufeli, bado ni mwanafunzi. Wanafunzi hawachukuliwi. Niandikie, mwanangu. Niandikie hayo hayo, nimpelekee kamanda wake."

Zorica alijua vizuri kwamba muda wa rufaa ulikwisha wiki tano nyuma, kwamba kumbukumbu zimefungwa, kwamba hakuna kamanda duniani atakayesoma uthibitisho wa mwendelezo wa moja juu ya eksi. Alianza kulisema hilo. Alimtazama yule mama, neno likamfia mdomoni, kama lile la Oktoba.

Akachukua karatasi. Akaandika tarehe, jina la Ognjen, na kwamba jibu lake mbele ya tume lilikuwa lile alilofundishwa, kosa ni la mwandishi, si la mwanafunzi. Kisha, kwa kuwa hakujua kuandika kosa bila kulisahihisha, akaandika na ule mstari: inatosha kuchukua epsiloni isiyozidi moja juu ya a. Akasaini. Cheo kipya hakukiandika.

Mama Jagoda aliigeuza karatasi, akaikagua mbele na nyuma.

"Haina muhuri. Jeshini hawapokei kitu bila muhuri."

Katibu alikuwa amekwenda kula. Muhuri wa idara ulikuwa kwenye mtoto wa meza, mahali pake pa siku zote. Zorica alikwenda akauleta, akaupiga chini ya sahihi yake, buluu, mviringo, unaosomeka kila herufi.

"Atamwachia?" aliuliza mama.

"Mwambie Ognjen nimeandika," alisema Zorica. "Mwonyeshe yeye kwanza."

Mama Jagoda akaupuliza muhuri mpaka ukakauka, akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pembe ya kilemba chake, akauliza basi la kwenda kaskazini linaondoka saa ngapi.